Wageni Hawaruhusiwi

Bi Subiri hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwenye swichibodi ya hospitali kubwa ya mji, ambako alikaa miaka mingi akiwaunganisha watu kwa simu. Kila aliyepiga, awe anamtafuta daktari, anaulizia wodi ya wazazi au anamtafuta ndugu aliyepotea tangu jana, alisikia kwanza maneno yale yale: "Subiri, nakuunganisha." Wauguzi wakaanza kumwita hivyo kwa utani, utani ukakolea, na hata marehemu mumewe akafika mahali akamwita Subiri mbele ya wakwe bila kupepesa macho. Alistaafu mwaka ule hospitali ilipoleta mashine inayojibu simu yenyewe. Aliisikiliza mara moja, akasema ina sauti ya mtu anayekwepa deni, akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Kazi ile ilimwachia vitu viwili, na vyote alijivunia. Cha kwanza ni sikio. Mtu akisema "haloo" tu, Bi Subiri alikwisha kujua kama ana njaa, kama ana hasira, au kama anataka kukopa. Cha pili ni ufupi wa maneno. Enzi zake simu ya mbali ililipiwa kwa dakika, na yeye aliona uchungu kumsikia mtu akiteketeza pesa kwa "aaa" na "yaani". Alijifunza kuukata ujumbe mpaka ubaki mfupa. Akikutuma sokoni, karatasi yake ina maneno manne, na ukileta kitu tofauti basi kosa ni lako.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya chuo kikuu, mtaa ambao kila nyumba ya pili ina bango la chumba cha kupanga na kila nyumba ya tatu ina mashine ya kutoa nakala. Yeye hakuwahi kupangisha. Lakini mwanawe wa pekee, mhasibu wa bima katika mji mwingine, alikuwa amemjia juu.

"Mama, unaishi peke yako na nyumba inakula hela," alimwambia kwenye simu. "Paa hilo linataka bati jipya. Njoo ukae na sisi. Hapo namweka dalali, apangishe nyumba nzima."

"Na mimi nije kwenu kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Nikichoka nitakwambia."

Wakavutana, maana mtoto huyo ukaidi hakuutoa mbali. Mwishowe wakakubaliana. Bi Subiri apangishe chumba kimoja, kile cha mbele chenye mlango wake wa nje. Akipata mpangaji mwenye heshima kabla chuo hakijafunguliwa, atabaki kwake na habari ya kuhama isisikike tena. Akikosa, atafunga virago. Mwanawe alikubali upesi, kwa sababu aliamini atakosa. Bi Subiri naye alikubali upesi, kwa sababu hakuona vipi atakosa. Wanafunzi hao hapo nje wamejaa kama siafu, chumba kinanukia rangi mpya, bado nini?

Akaenda Ofisi ya Makazi ya Wanafunzi, kule chuoni, ambako matangazo ya vyumba hupokelewa na kubandikwa. Karani wa hapo aliitwa Mhuri, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake ikatoka kavu. Mhuri alimweleza utaratibu: ofisi hutuma mtu kukagua nyumba, kuona kama mlango unafunga na choo kinafanya kazi, kisha tangazo linagongwa mhuri na kupanda ubaoni. Bei ni ya mwenye nyumba. Mkataba ni kati yake na mpangaji, ila ofisi ina nakala tupu za kutumia. Mpangaji asidaiwe hata senti kabla hajakiona chumba kwa macho yake.

"Hilo la mwisho nimelipenda," alisema Bi Subiri.

Mkaguzi akaja, akafungua bomba, akabonyeza swichi, akatikisa kitasa, akaridhika. Bi Subiri akapewa kadi ya tangazo. Ilikuwa kadi ndogo, na sehemu ya sheria za nyumba ilikuwa na mistari mitatu tu. Hapo ndipo alipofurahi, kwa kuwa kukata maneno ndiko alikokuwa bingwa. Kwanza aliandika pembeni: wageni wa mpangaji wasilale. Akaona refu. Wageni hawaruhusiwi kulala. Bado akaona limebeba mzigo, nani asiyejua kwamba mgeni wa mchana hana neno? Akafuta "kulala". Kadi ikatoka hivi:

CHUMBA CHA KUPANGA, karibu na lango dogo la chuo, mwendo wa dakika saba kwa miguu. Chumba kimoja, mlango wake wa nje. Kitanda, godoro, meza, kiti, kabati. Bafu na choo vya pamoja na mwenye nyumba tu. Jikoni ruhusa. Maji na intaneti ndani ya kodi. Umeme una mita yake.
KODI: 150,000 kwa mwezi. Amana ya mwezi mmoja, inarudishwa.
SHERIA: Sigara hapana. Muziki mwisho saa nne usiku. Wageni hawaruhusiwi.
KUONA CHUMBA: Piga simu, asubuhi hadi jioni. Usitume ujumbe.

Ile ya kutotuma ujumbe ndiyo ilikuwa siri yake. Ujumbe hauna sauti, na yeye alitaka kumsikia mtu kabla ya kumfungulia mlango. Mhuri akaisoma kadi mbio mbio, akaona ni sheria zile zile za kila nyumba, akagonga.

Siku ya kwanza simu ikaita. Kijana mmoja akauliza kama anaweza kulipa nusu sasa na nusu Mungu akipenda. Bi Subiri akamwambia Mungu akishapenda apige tena. Wa pili alitaka chumba cha watu wanne. Wa tatu alikuwa na sauti tamu kupita kiasi, akamwita "mama yangu kipenzi" kabla ya salamu; huyo alimkatia. Kisha akapiga mwanamke mmoja, sauti ya mtu mzima, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupayuka. Bi Subiri aliipenda mara moja, akajiweka vizuri kitini.

"Shikamoo mama. Nimeona tangazo lako la chumba. Samahani, mimi ni mgeni, sina hakika kama..."

Moyo wa Bi Subiri ukashuka. Kumbe mtu wa kupita! Atakuwa anatafuta mahali pa kulala siku mbili tatu, mkutano ukiisha aende zake.

"Marahaba, mwanangu. Wageni hapana. Mimi nataka mpangaji."

"Nimeelewa, mama. Asante kwa kuniambia wazi."

"Haya, kila la heri."

Akaweka simu chini akasikitika, sauti nzuri kama ile ya mtu wa kupita tu. Lakini sheria ni sheria, na mwanawe hakusema apate mtu wa siku mbili.

Baada ya hapo simu ikanyamaza. Ikanyamaza kesho yake, na keshokutwa pia. Bi Subiri akaanza kuinyanyua kuhakikisha kama ni nzima. Akaipiga mwenyewe kwa simu ya jirani. Ikaita vizuri tu. Mwanawe alipiga Alhamisi, na furaha yake aliificha vibaya.

"Chuo Jumatatu, mama. Jumamosi nakuja na gari, na dalali nimeshaongea naye."

"Njoo. Nyumba si yako pia?"

Alilijibu hilo kwa sauti ya juu kabisa, lakini alipokata simu aliogopa. Tuseme ukweli: aliogopa. Alipita kila chumba akigusa kuta. Kule kwa mwanawe angekuwa na kitanda kizuri na wajukuu wazuri, na angeomba ruhusa kubadili idhaa ya redio.

Ijumaa asubuhi alivaa gauni lake la kikazi akaenda chuoni kuuliza ubao una ugonjwa gani. Ubao wenyewe ulikuwa kwenye ukumbi mrefu, kati ya milango miwili. Mlango wa kushoto ni wa Mhuri. Mlango wa kulia una maandishi makubwa ya buluu: DAWATI LA WANAFUNZI WAGENI, na mshale, WAGENI WAPITIE HAPA. Wiki ile, wanafunzi wenyeji walikuwa bado majumbani kwao. Waliosimama mbele ya ubao karibu wote walikuwa wametoka nchi nyingine, wametangulia kuja kuhangaikia vibali, mabegi yao yakiwa bado na karatasi za safari. Tangu walipovuka mpaka waliitwa wageni: foleni ya wageni, fomu ya wageni, ada ya wageni. Bi Subiri aliyapita maandishi yale kama alivyoyapita mara zote, bila kuyaona.

"Bibi, karibu," Mhuri alisema. "Tangazo lako linasomwa kuliko yote. Watu wanalisoma, wanatikisa kichwa, wanaondoka."

"Wanatikisa kichwa kwa nini? Bei?"

"Bei yako ni ya haki."

Kabla hajajibu zaidi, sauti ikasikika mlango wa pili, tulivu, isiyopayuka. Bi Subiri akainua kidole kumnyamazisha Mhuri.

"Silalamiki," sauti ilikuwa inasema. "Nauliza tu kama kuna nyumba zinazotupokea. Hiyo moja ingenifaa, lakini imeandikwa ubaoni kwamba wageni hawaruhusiwi. Nikasema labda nimeelewa vibaya, nikampigia mwenyewe. Akanijibu kwa kinywa chake: wageni hapana. Alinijibu kwa upole, ila alinijibu."

"Ofisi hii hairuhusu tangazo la kubagua," alisema mtu wa dawati. "Linashushwa leo hii."

Bi Subiri alihisi damu yote imemhama miguuni na kumpanda usoni. Sikio lake liliijua sauti ile kabla akili haijafika. Aliona aibu, aibu ile ya kuchoma, mtu aliyeishi kwa kuwaunganisha watu kumbe amemkatia simu mtu wa haki. Lakini miguu yake haikuwahi kujua kurudi nyuma. Ikampeleka hadi mlango wa kulia.

"Ni mimi," alisema. "Mwenye nyumba. Subiri."

Mwanamke akageuka. Alikuwa wa makamo, miwani puani, begi la vitabu begani. Alikuwa mwalimu wa sekondari huko kwao, amekuja kusoma shahada ya pili, na tangu afike alikuwa analala nyumba ya kulala wageni karibu na stendi.

"Mama, hakuna haja ya..."

"Haja ipo. Uliponiambia wewe ni mgeni, nilidhani unatafuta malazi ya siku mbili upite. Na pale nilipoandika wageni, nilikuwa na maana ya wanaokuja kumtembelea mpangaji halafu wanalala mpaka wanaota mizizi. Lilikuwepo neno 'kulala'. Nimelikata mwenyewe."

"Ulilikata kwa nini?"

"Ili liwe fupi."

Mwalimu alimtazama, kisha akatazama mshale wa buluu mlangoni, kisha ubao. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, mpaka miwani ikabidi aishike.

"Wanafunzi wangu wakikata neno namna hiyo nawapa sifuri," alisema.

"Nipe. Nimeistahili."

Mhuri, ambaye alikuwa amefuata kwa umbea, akaona na yeye aseme lake. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi yeye kaandika mgeni toka, mwenyeji augue."

"Wewe ndiye uliyegonga mhuri," Bi Subiri alimjibu, na Mhuri akakumbuka kazi iliyomsubiri mezani.

Kadi ilishushwa palepale. Bi Subiri akaomba kalamu, akaandika neno lake lililopotea, akaongeza na mengine mawili kwa hiari: wageni wa mpangaji hawaruhusiwi kulala. Maneno yaliziba mstari mzima na kugusa ukingo. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Chumba bado kipo. Ukitaka kukiona tunaweza kwenda sasa. Hutanilipa kitu mpaka ukione, hiyo ni amri ya huyu aliyekimbia."

Walipitia lango dogo. Mwalimu hakuwa mtu wa kusema "kizuri" akiwa bado mlangoni. Alifungua dirisha akalifunga. Alichomeka chaja yake kwenye soketi zote mbili. Aliuliza mita ya umeme ni ipi, akaonyeshwa, akauliza kama kuna deni la nyuma, akaambiwa hakuna, akaiangalia hata hivyo. Alifungua maji ya bafuni akasubiri aone yanatoka kwa nguvu gani. Alilala juu ya godoro na viatu vikiwa nje ya kitanda, akakaa hapo kidogo akitazama dari.

"Paa linavuja?"

"Upande wa jikoni. Huku hapana. Kodi yako ndiyo itakayonunua bati la huko."

"Vizuri umesema." Akaketi. "Mama, nikuulize juu ya hii sheria yako. Mimi nina mama mzee. Anataka kuja mwezi wa nne kuniona. Naye ni mgeni?"

"Mama si mgeni! Mama alale tu."

"Basi iandikwe."

"Neno langu halitoshi?"

Mwalimu alimwangalia tu kwa upole, na Bi Subiri akaelewa. Neno lake lilikwisha kumkosesha mtu huyu chumba kwa karibu wiki nzima. Kwa mara ya kwanza tangu aijue kalamu, hakuona ubaya wa maneno mengi.

"Iandikwe," alisema.

Jumamosi asubuhi walikuwa sebuleni na nakala mbili za mkataba wa ofisi, kodi ya mwezi na amana zikiwa zimeshahesabiwa, risiti imeshaandikwa. Walikuwa kwenye kifungu cha wageni, ambacho sasa kilikuwa na mistari mitano: marafiki hadi saa tatu usiku, mzazi anaweza kulala kwa taarifa ya wiki moja, na mengine. Mwalimu alisahihisha herufi mbili, wakatia sahihi. Hapo gari likasimama nje.

Mwanawe aliingia na dalali nyuma yake, na mikononi ana maboksi yaliyokunjwa, mapya, ya kuhamishia vitu vya mama yake. Vitu vya utotoni vya kwake mwenyewe vilikuwa vimerundikwa pembeni mwa kochi tangu chumba kilipopakwa rangi: viatu vya mpira, vikombe vya mashindano ya hesabu, madaftari ya shule, shuka lenye picha za magari. Dalali, mtu mwepesi wa miguu, alishaanza kuhesabu madirisha.

"Chumba cha ndani, sebule na hiki cha mbele," alisema. "Ukiweka wanafunzi wawili wawili, bosi, hii nyumba ni shamba."

"Shamba lina mwenyewe," alisema Bi Subiri bila kunyanyuka. "Mwalimu, huyu ni mwanangu. Mwanangu, huyu ni mpangaji."

Mwanawe alisimama na maboksi yake. Akasalimia, akaomba kuuona mkataba, akausoma kihasibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alitafuta kasoro. Mama yake alimwacha atafute, na tuseme ukweli tena, alikuwa anafurahi sana. Kidole kikafika chini, penye sahihi mbili.

"Uko sawa," alisema mwishowe.

Dalali akaelewa upesi kuliko wote. Akamwachia Mwalimu kadi yake kwa mazoea, akaaga, akaenda kuhesabu madirisha ya watu wengine. Mwalimu naye akachukua ufunguo, akasema atarudi na mizigo yake jioni, akawaacha mama na mtoto.

Mwanawe alibaki katikati ya sebule. Aliutazama mlango wa chumba cha mbele, ambacho ndicho alichokulia.

"Na mimi nikija, nitalala wapi?"

"Hapo kwenye kochi. Na utapiga simu kwanza."

Alitaka kucheka, akashindwa. "Mama, nilidhani nakusaidia."

"Najua, baba. Ungenisaidia mpaka nikafa." Akamshika mkono, mkono mpana kama wa baba yake. "Nakupenda kuliko nyumba hii. Lakini kwako nitakuja kutembea, nikae, nile, nicheze na wajukuu, halafu nirudi kwangu. Usininyang'anye pa kurudi."

Mwanawe alikaa kitako sakafuni, mtu mzima na suruali yake ya ofisini, akalikunjua boksi la kwanza akaliziba chini kwa utepe wa gundi. Akaweka viatu vya mpira. Akaweka vikombe, akikifuta kila kimoja kwa kiganja. Bi Subiri alikunja shuka la magari akampa, na lenyewe likaingia. Maboksi yaliyoletwa kumhamisha mama yakajaa moja baada ya jingine, na mwanawe akayabeba mwenyewe hadi kwenye gari, akiyapitisha kwa uangalifu mbele ya mlango wa chumba cha Mwalimu, asikwaruze rangi mpya ya watu.